Gari Halikuwa na Mtu Ndani

Nilimwahidi dereva mmoja, mzee wa kutoka Moding, kwamba katika fomu yake ya madai ya bima sitaandika neno lolote ambalo yeye mwenyewe hakuliona au hakulitenda, na kwamba nitamsomea kila mstari kabla hajatia sahihi. Nilitoa ahadi hiyo kabla ya kujua aliona nini na alitenda nini. Nilikuwa na miezi saba tu tangu nitoke chuoni na stashahada ya bima, na nilikuwa nikitoa ahadi upesi.

Ofisi yetu ya uwakala wa bima ilikuwa chumba kimoja mjini Malaba, kati ya duka la kunakili karatasi na hoteli iliyouza chai na mandazi tangu alfajiri. Tulikuwa wawili: mimi na mwenye ofisi, mtu wa makamo aliyekuwa ameuza bima mpakani kwa miaka mingi na aliyeniita "diploma" kila aliponikasirikia. Kazi yangu ilikuwa kupokea watu waliopata ajali au hasara, kuwasaidia kujaza fomu, kuambatanisha nakala za leseni, kitabu cha gari na abstrakti ya polisi, ile hati inayothibitisha kwamba ajali imeripotiwa, kisha kuzituma kwa kampuni.

Mzee alikuja asubuhi, siku moja baada ya ajali. Alivaa koti juu ya ovaroli, na mkononi alikuwa na bahasha ya kaki. Aliketi ukingoni mwa kiti, kama mtu anayengoja kuitwa na mwalimu mkuu.

"Mama amenituma," alisema. "Mwenye kanta. Amesema fomu irudi haraka, na yeye atakuja kusaini. Mimi nimeshaandika yangu. Iko hapa."

Mama aliyemtaja nilimjua. Alikuwa mfanyabiashara wa Burumba, kule Busia, mwenye kanta moja, lori dogo lililobeba beseni, ndoo na viti vya plastiki kutoka Eldoret hadi Tororo. Mjane. Biashara yake yote ilitegemea gari lile moja. Alikuwa amelikatia bima kubwa, ile inayolipa hasara za watu wengine na pia matengenezo ya gari lenyewe, na alikuwa na kadi ya njano, ile ya bima ya kuvukia Uganda. Alikuwa miongoni mwa wateja wachache waliolipa kabla ya kukumbushwa.

Nilifungua bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi ya mistari iliyojazwa pande zote mbili kwa mwandiko safi wa wino uliokolea. Ilianza hivi: "Mimi dereva wako mtiifu naandika kwa unyenyekevu mkubwa kuomba msamaha kwa makosa niliyoyafanya ya kugonga trela ya mbele na kuharibu gari yako. Ni kosa langu na najuta sana. Naahidi haitarudiwa tena."

Niliisoma mara mbili. Katika kurasa mbili nzima hapakuwa na saa, mahali wala nambari ya gari. Palikuwa na Mungu, watoto watano, na miaka thelathini na moja ya utumishi barabarani.

"Mzee," nilisema, "hii ni barua ya nani?"

"Ya kujieleza. Si fomu inasema nieleze ajali?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho chuoni hakuna aliyenifundisha. Madereva wa malori katika barabara hii wameajiriwa na kampuni nyingi, na karibu kila moja ina desturi ile ile: taa ikivunjika, gurudumu likipasuka, mzigo ukilowana, dereva huitwa ofisini na kuambiwa aandike barua ya kujieleza. Barua nzuri huanza na msamaha na kuishia na ahadi. Anayeeleza ukweli wake huonekana mjeuri na hufutwa. Anayejilaumu huonywa na kurudishiwa ufunguo. Mzee huyu alikuwa ameandika barua za namna hiyo maisha yake yote ya kazi. Alizijua kama wengine wanavyojua sala. Alipoona katika fomu kisanduku kinachosema aeleze jinsi ajali ilivyotokea, alifanya kile kilichokuwa kikimlinda siku zote.

"Umempa mtu mwingine nakala?" nilimuuliza.

"Dereva wa trela ya mbele alitaka niandike pale pale barabarani, eti nimekubali nimemgonga. Nikamwambia ngoja kwanza niongee na mama. Nilikuwa nimpelekee hii leo."

Nilimwomba asimpelekee. Nilimweleza kwamba mkataba wa bima unamkataza mwenye gari, na dereva wake pia, kukubali kosa au kuahidi malipo kwa mtu mwingine bila idhini ya kampuni ya bima. Msamaha uliotiwa sahihi unaweza kushikwa kama ungamo, na kampuni ikajikuta imefungwa na maneno ambayo haikuyasema. Nani ana kosa ni jambo la kuamuliwa na wengine, baada ya ushahidi. Kazi yetu pale mezani ilikuwa kusema kilichotokea.

"Kuna lori ilikuja nyuma, lakini gari yangu ndiyo iligonga ya mbele," alisema.

"Iligonga, au ilisukumwa ikagonga?"

Aliitazama barua yake. Kisha akasema, "Nikiandika ilisukumwa, si itaonekana nasukumia watu makosa?"

Ndipo nikamwahidi. Nilimwambia hatutamlaumu mtu, wala yeye mwenyewe. Tutaandika alichokiona tu na alichokifanya tu, na nitamsomea. Alikunja barua yake, akairudisha kwenye bahasha, akaiweka bahasha juu ya goti.

Tulianza na mambo mepesi. Fomu zetu zimepigwa chapa kwa Kiingereza, kwa hiyo niliandika kwanza kwa Kiswahili kwenye karatasi ya kando ili aweze kunisahihisha. Tarehe. Saa: saa nne na robo asubuhi, alikuwa na hakika kwa sababu alikuwa ametoka kutazama simu. Mahali: alisema "Malaba", kama kila dereva anavyosema akishaingia kwenye foleni, hata kama mkia wa foleni uko kilomita kadhaa nyuma. Nilimbana mpaka tukapata kituo cha mafuta kilichokuwa upande wa kushoto na umbali wake kutoka lango la mpaka. Hali ya hewa: manyunyu yalikuwa yamekatika, lami bado imelowa. Nambari za magari yote matatu, alizokuwa amezipiga picha kwa simu kabla polisi hawajaagiza magari yasogezwe, na nilimsifu kwa hilo. Jina la dereva wa lori la nyuma, jina la dereva wa trela ya mbele, nambari ya kuripoti iliyoandikwa katika kitabu cha matukio cha polisi. Uharibifu: nyuma, bodi ya mbao imevunjika na chesisi imepinda; mbele, kioo, taa zote mbili na rejeta. Mtu aliyeumia: hakuna.

Nilimwuliza mwendo wa gari lake. "Sufuri," alisema. "Ilikuwa imesimama. Foleni ilikuwa haijasonga tangu saa tatu."

"Mwendo wa lori la nyuma?"

"Ilikuwa inakuja mbio! Kama themanini!"

"Ulitazama spidi yake?"

"Ah, kijana. Mtu hujua."

Sikuandika themanini. Nilimweleza kwamba namba ambayo huwezi kuieleza umeipataje itakugeuka siku utakapoulizwa. Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza, akasema niko kama mkewe.

Kisha tukafika kwenye mchoro. Fomu ina nafasi tupu ambapo mtu huchora barabara na magari yalivyokuwa. Nilimpa kalamu. Alichora vizuri kuliko nilivyotarajia: mistari miwili ya barabara, trela, kanta, lori la nyuma, mishale ya kuonyesha uelekeo. Kando ya barabara akachora kibanda chenye paa la mabati, na mbele ya kibanda akachora benchi. Akaendelea, akaweka hata jiko.

"Hiki ni nini, mzee?"

"Kibanda cha chai."

"Na hii?"

"Benchi."

"Na wewe uko wapi?"

Kalamu yake ilikuwa imetulia juu ya benchi. Aliitazama, nami nikaitazama. Mtu aliyeketi nyuma ya usukani, akitazama trela mbele yake, hangejua kwamba benchi la kibanda kile lina miguu mitatu na jiwe. Yeye alikuwa amelichora jiwe.

"Usiandike," alisema kwa sauti ya chini. "Kijana, nakuomba. Mama ana sheria moja. Dereva haachi gari kwa foleni. Yule wa kabla yangu aliachilia kanta akaenda kunywa chai, kurudi ndoo mbili dazeni hakuna. Alifutwa siku hiyo hiyo. Mimi sikuenda kunywa chai. Wakala wetu wa forodha alikuja na bodaboda kunipatia karatasi za mzigo, akaniita kwa kibanda kwa sababu kulikuwa na matope kwa gari. Dakika tano. Nilisikia kishindo, nikageuka, kanta imebanwa katikati. Nikakimbia. Nikaingia ndani nikaketi kwa kiti. Polisi wakanikuta kwa kiti."

"Waliuliza ulikuwa wapi?"

"Waliuliza nani dereva. Nikasema ni mimi."

Kwa hiyo hakuwa amewadanganya polisi, si kwa maneno. Lakini pale mezani nilimwuliza swali la moja kwa moja, na jibu lake lingeweza kumgharimu kazi. Nilimkumbusha kwamba nilikuwa nimemwahidi kuandika aliloliona. Alisema ahadi hiyo alidhani ilikuwa ya kumlinda.

Nilikwenda kwa mwenye ofisi, aliyekuwa akinywa chai hotelini mlango wa pili, nikamweleza. Alisikiliza bila kuacha andazi lake.

"Andika alikuwa kwa kiti," alisema. "Dereva huwa kwa kiti. Nani atauliza?"

"Hakuwa kwa kiti, boss."

"Diploma, sikiliza. Gari ilikuwa imesimama. Imegongwa kutoka nyuma. Awe kwa kiti, awe kwa benchi, awe kwa choo, si imegongwa tu? Unamfutisha mzee kazi kwa sababu ya benchi."

"Mwisho wa fomu kuna tamko. Mama anatia sahihi kwamba yote ni kweli. Wakigundua jambo moja la uongo, wanaweza kukataa dai zima. Hapo mama anapoteza kanta, mzee anapoteza kazi, na sisi tunapoteza mteja."

Alifuta mafuta ya andazi vidoleni. "Basi mwenye gari aamue. Fomu ni yake. Mwite."

Nilirudi mezani nikaandika rasimu nzima wakati tukimsubiri mama, na hapa lazima nikiri kosa langu. Nilikuwa na hasira kwa niaba ya mzee, na hasira hiyo ilijipenyeza kwenye kalamu. Niliandika kwamba kanta "iligongwa vibaya mno na lori lililokuwa likiendeshwa kwa uzembe mkubwa na dereva asiyejali maisha ya watu." Niliona fahari juu ya sentensi hiyo. Mwenye ofisi alikuja nyuma yangu, akasoma, akachukua kalamu nyekundu na kuifuta yote.

"Ulikuwepo?"

"Hapana."

"Yeye alimwona akiendesha?"

"Alisikia kishindo."

"Sasa uzembe umeutoa wapi? Uzembe ni neno la hakimu. Wewe andika lori lilikuwa wapi liliposimama." Akaweka kalamu chini. "Na hilo 'mno' pia ondoa. Fundi ndiye atasema ni kiasi gani."

Nilikuwa nimemkatalia mzee namba themanini, kisha mimi nikaandika kitu kibaya zaidi. Niliandika upya nikiwa nimeinamisha kichwa.

Mama alifika kabla ya saa nane, amejifunga leso juu ya gauni la kazi, viatu vina vumbi la Busia. Hakuketi. Aliangalia rasimu, aliangalia dereva wake, kisha akaniangalia mimi.

"Kuna shida gani ya kunitoa dukani?"

Nilimwambia mzee aseme mwenyewe. Nilijua lingekuwa jambo gumu kwake, lakini lilikuwa lake. Alisimama, akavua kofia.

"Mama, siku ya ajali sikuwa ndani ya gari. Nilikuwa kwa kibanda, na wakala. Nilitoka kidogo."

Mama hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotutisha. "Miaka minne," alisema. "Miaka minne nakuambia neno moja. Sikukwambia usinywe pombe, kwa sababu hunywi. Sikukwambia usiibe, huibi. Nilikwambia neno moja tu. Na bado unaenda kukaa kwa benchi kama bibi harusi."

"Mama, matope—"

"Matope! Umevaa gambuti!"

Kila mtu aliangalia miguu ya mzee. Kweli alikuwa amevaa buti za mpira. Mwenye ofisi alikohoa na kugeukia dirisha.

Mama alinigeukia. "Na wewe unataka niandike hivyo kwa fomu. Eti gari yangu ilikuwa peke yake barabarani kama mbuzi. Ukiandika hivyo watalipa?"

"Sijui, mama," nilisema. Nilitamani sana kumpa jibu jingine. "Najua tu kwamba tukiandika alikuwa ndani, na wakala huyo akaulizwa akasema walikuwa kibandani, hawatalipa, na watakuwa na haki. Tukiandika alikuwa nje, wataniuliza maswali. Maswali nitayajibu."

Alifikiri. Barabarani trela moja ilipiga honi ndefu na nyingine zikaitikia. Kisha akamgeukia dereva wake, na akauliza swali ambalo mimi, na stashahada yangu, sikuwa nimeliuliza.

"Ufunguo ulikuwa wapi?"

Mzee aliingiza mkono katika mfuko wa ovaroli. Akatoa ufunguo wa kanta, umefungwa kamba ya bluu ya plastiki. "Hapa. Ulivyosema. Hata nikishuka kukojoa, ufunguo unashuka na mimi. Nilizima injini, nikavuta handibreki, nikaacha gia ya kwanza, nikachomoa."

"Angalau," alisema mama. Kisha akaketi. "Andika hivyo. Andika yote. Na uandike na ufunguo, wasifikiri nimeajiri mwendawazimu."

Niliandika. Nilimsomea mzee mstari kwa mstari, na mama akisikiliza. Maelezo yaliyoingia kwenye fomu, kabla ya kuyaweka kwa Kiingereza, yalikuwa haya:

"Kanta ilikuwa imesimama kwenye foleni ikielekea lango la mpaka la Malaba, upande wa kushoto wa barabara, baada ya kituo cha mafuta. Trela ilikuwa imesimama mbele yake kwa umbali wa takriban hatua tatu. Foleni ilikuwa haijasonga tangu takriban saa tatu asubuhi. Muda mfupi kabla ya saa nne na robo nilizima injini, nikavuta breki ya mkono, nikaacha gia ya kwanza, nikachomoa ufunguo na kushuka. Nilikwenda kwenye kibanda kilicho kama hatua ishirini kutoka barabarani kupokea karatasi za mzigo kutoka kwa wakala wa forodha. Gari halikuwa na mtu ndani. Takriban saa nne na robo nilisikia kishindo. Sikuona mgongano. Nilipogeuka niliona sehemu ya mbele ya lori ikiwa imegusana na sehemu ya nyuma ya kanta, na sehemu ya mbele ya kanta ikiwa imegusana na nyuma ya trela. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilirudi kwenye gari na kuketi ndani mpaka polisi walipofika. Dereva wa lori aliniambia breki zake zilikataa. Sikuzikagua breki hizo. Wakala wa forodha na mwuza chai walikuwapo."

Mzee aliuliza kwa nini tumeandika "sikuona mgongano". Alisema inamfanya aonekane kipofu. Nilimwambia inamfanya aonekane mtu anayeweza kuaminiwa katika mengine. Alikubali bila kuridhika. Mama alitia sahihi chini ya tamko, na mzee katika sehemu ya dereva. Barua ya msamaha ilibaki kwenye bahasha. Mzee alimpa mama. Mama aliisoma yote, pande zote mbili, akaikunja na kuitia kwenye mkoba wake bila neno. Sijaona ubaya katika hilo. Msamaha ule ulikuwa wa mzee na mwajiri wake, na alimwomba mtu aliyestahili kuombwa. Haukuwa habari ya ajali.

Siku hiyo hiyo mama alimwondoa mzee kwenye orodha ya safari. Hakumfuta. Alisema atasubiri jibu la kampuni.

Tulisubiri wiki kadhaa. Mkadiriaji wa hasara alikuja akaipiga kanta picha katika gereji ya Busia. Kisha barua ikaja kutoka kampuni, yenye maswali. Dereva wa lori la nyuma, katika fomu yake mwenyewe, alikuwa ameeleza kwamba foleni ilikuwa ikisonga, kwamba kanta ilienda mbele ikaigonga trela, na kwamba dereva wa kanta alifunga breki ghafla hata yeye akashindwa kusimama. Kwa maelezo hayo, mzee ndiye aliyeanzisha yote, na mwenye trela alikuwa tayari ameandika akidai kutoka kwa mama gharama za taa zake za nyuma na bampa.

Mpelelezi wa kampuni alifika ofisini siku ya pili, kijana mwenye begi na subira nyingi. Alikuwa na nakala ya fomu yetu. Alimwomba mzee asimulie upya, bila kumwonyesha karatasi, na mzee alisimulia yale yale, hata kibanda, hata hatua ishirini. Alitaka kuuona ufunguo. Alikwenda na mimi hadi kwa wakala wa forodha, aliyefungua daftari lake na kuonyesha mstari ambapo alikuwa ameandika saa aliyokabidhi karatasi na mzee akatia sahihi yake: saa nne na dakika kumi. Alikwenda hadi kwenye kibanda. Mwuza chai, mama mnene mcheshi, alimwonyesha benchi lenye jiwe.

"Alikuwa ameketi hapa," alisema. "Hata chai yake hakulipa, alitoka mbio. Mwambie nangoja."

Mpelelezi aliandika. Tulipokuwa tukirudi aliniambia jambo moja tu. "Mngekuwa mmeandika dereva yuko kwenye kiti, ningekuwa na watu wawili wanaobishana kuhusu breki. Lakini gari lisilo na mtu haliwezi kufunga breki ghafla."

Nilisimama barabarani nikafikiri juu ya dakika zile tano. Zilikuwa ndizo mzee alizotaka kuzificha, ndizo mwenye ofisi alizotaka kuziruka, na ndizo zilizokuwa na jibu. Sikuwa nimelijua hilo wakati ule wa kubishana. Nilikuwa nimesisitiza ukweli kwa sababu nilifundishwa kuusisitiza, bila kujua utatusaidia au utatuumiza. Ungeweza kutuumiza. Ningekuwa nimemwambia mama vile vile.

Dai lilikubaliwa. Mama alilipa ile sehemu ambayo mwenye gari hujilipia mwenyewe, kama mkataba ulivyosema, na kampuni ikatengeneza kanta. Suala la mwenye trela likahamia kwa wenye lori la nyuma na bima yao, mahali lilipostahili. Gereji ilipomaliza, mama alikuja Malaba na kanta yenyewe, yeye akiwa kiti cha abiria, na nyuma ya usukani alikuwa mzee.

Mama alishuka kunisalimu. Mwenye ofisi alitoka nje kuangalia bodi mpya.

"Umemrudisha, mama," alisema.

"Nimemrudisha. Lakini sheria imebadilika." Alimgeukia dereva wake. "Mwambie."

Mzee alitabasamu kwa haya. "Nikitaka kushuka, napiga simu kwanza."

"Na?"

"Na chai ya yule mama nimelipa."

Tangu hapo, kila dereva anayeketi mbele yangu na bahasha ya kaki, namwachia kwanza aisome barua yake ya msamaha kwa sauti, kwa sababu wengi hawatulii mpaka waitoe. Kisha nampa karatasi tupu na kumwomba achore. Barabara, magari, mishale, nguzo ya umeme, kibanda kama kipo. Mwishoni namwomba aweke alama ndogo mahali alipokuwa yeye.

Wewe unayesoma haya, siku ikikufikia ya kujaza fomu kama hiyo, nakuomba uanze na alama hiyo. Iweke mahali ulipokuwa kweli, kisha ndipo uandike yaliyobaki.